Komenti mbaya chini ya posti ya korosho: soma dalili, tafuta chanzo, ndipo ujibu

Wauzaji wengi wa korosho zilizobanguliwa hapa Mtwara hawana duka la barabarani. Duka lao ni ukurasa wa Facebook au Instagram, ghala ni chumba kimoja Chuno au Magomeni, na wateja wengi wako Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 550 kutoka hapa. Mteja analipa kwa simu, mzigo unapanda basi alfajiri stendi ya Mkanaledi, yeye anaufuata Mbagala Rangi Tatu. Muuzaji na mnunuzi hawajawahi kuonana. Siku mtu akiandika chini ya posti, "Hawa matapeli, nimetuma hela mzigo sijauona," msomaji aliyekuwa anafikiria kuagiza kilo mbili hana cha kumsaidia kuamua zaidi ya komenti hiyo na jibu litakaloifuata.

Nasimamia kurasa za wafanyabiashara wa aina hii. Kwa ninavyoona, komenti yenyewe huharibu jina mara chache kuliko jibu lililoandikwa kabla mwenye duka hajajua nini kimetokea. Aliyeitwa tapeli hukasirika, hujibu hasira, halafu saa mbili baadaye anagundua kwamba mzigo kweli umekwama. Mwongozo huu unakwenda kwa dalili: unachokiona kwenye simu, kinachoweza kuwa kimesababisha, na cha kuandika ukishajua.

Dakika kumi za kwanza

Piga skrinishoti ya komenti, jina na saa vionekane. Facebook huonyesha kwamba komenti imehaririwa, lakini ikifutwa haiachi alama, na baadaye mtaanza kubishana nani alisema nini.

Kisha fungua daftari la mizigo. Usimtafute mtu kwa jina la Facebook peke yake, maana huko anaweza kujiita Mama Wawili au Mtoto wa Kusini, na kwenye ujumbe wa malipo likatoka jina lake la kitambulisho. Tafuta kwa tarehe na kiasi, kisha linganisha na mazungumzo yaliyomo inboksi na WhatsApp. Daftari linalofaa kazi hii lina tarehe, jina la mpokeaji, namba yake ya simu, kilo, jina la basi, namba ya risiti ya mzigo, na tarehe korosho zilipokaangwa. Kama huna daftari la namna hiyo, huna namna ya kujibu komenti ya utapeli kwa ukweli. Utakuwa unajibu kwa kuapa tu.

Ukiona upekuzi utachukua muda, weka jibu la kushikilia:

"Dada, tumeuona ujumbe wako. Tunaangalia daftari la mizigo sasa hivi, tutakujibu hapa hapa kabla ya saa nane mchana."

Sentensi hiyo haikubali kosa wala haikatai. Inataja saa, na inasema "hapa hapa", kwa hiyo msomaji anajua jibu halitafichwa. Saa nane ikifika bila majibu, rudi useme bado mnafuatilia kwa wakala na utaje saa nyingine. Ahadi ya saa ikivunjwa kimya kimya, inakuwa lalamiko la pili juu ya lile la kwanza.

Kuhusu namna ya kumwita: kama picha na jina vinaonyesha ni mwanamke, "dada" inatosha, mwanaume, "kaka", usipojua, "ndugu". Mtu mzima anayeandika kwa heshima mwite mama au mzee. "Mpendwa mteja" ina baridi ya tangazo la benki, na kwa mtu mwenye hasira inasomeka kama dharau.

Dalili: "Nimelipa, mzigo haujafika"

Hii ndiyo komenti ya kila siku, na chini ya maneno yaleyale kuna vyanzo vinne tofauti. Mzigo haujatumwa kabisa. Mzigo umetumwa lakini wakala wa basi hajampigia mpokeaji. Wakala amepiga, ila namba iliyoandikwa kwenye boksi ina kosa. Au mteja hakulipa kwako, alilipa kwa mtu anayetumia picha zako. Hicho cha mwisho nakiweka kando kwa sasa kwa sababu kina tiba yake.

Vyanzo vitatu vya kwanza hutenganishwa haraka. Kama hakuna namba ya risiti ya mzigo kwenye daftari, mzigo haujatoka. Kama risiti ipo, mpigie wakala wa Mbagala, umtajie namba ya risiti na umwombe alitafute boksi lenyewe. Usimuulize tu kama "mizigo ya Mtwara imefika", kwa sababu atajibu ndiyo, na wewe utamwandikia mteja kwamba mzigo umefika. Boksi likiwa mkononi mwake, mwambie akusomee namba ya simu iliyoandikwa juu. Ilinganishe tarakimu kwa tarakimu na ile aliyotuma mteja WhatsApp.

Tuchukue mfano mmoja mpaka mwisho. Mteja amelipia kilo tatu za korosho za kukaanga na chumvi siku ya Jumatatu. Ijumaa asubuhi anaandika chini ya posti mpya: "Msiwatumie hela hawa. Tangu Jumatatu nawapigia hawapokei. Matapeli wa kusini." Daftari linaonyesha mzigo ulipanda basi Jumanne na namba ya risiti ipo. Wakala analiona boksi. Namba iliyo juu yake inaishia na 67, ya mteja inaishia na 76. Wakala alimpigia mtu mwingine, akaambiwa "mimi sijaagiza", akaliweka boksi pembeni. Simu ya duka nayo ina simu tatu za mteja ambazo hazikupokelewa Jumatano, siku ambayo mwenye duka alikuwa Newala kufuata mzigo.

Jibu ambalo watu wengi wangeandika ni hili: "Acha kutuchafulia jina. Mzigo wako tumetuma Jumanne na risiti tunayo. Uliza kwanza kabla ya kuita watu matapeli." Kila neno humo ni kweli. Lakini mteja aliuliza, alipiga simu mara tatu. Msomaji aliyeona "nawapigia hawapokei" na asione jibu lolote kuhusu simu, anahitimisha kwamba sehemu hiyo ni kweli, na anaanza kuamini na iliyobaki.

Jibu ninaloshauri:

"Dada, pole. Mzigo wako uliondoka Mtwara Jumanne na uko kwa wakala Mbagala. Namba ya simu tuliiandika vibaya kwenye boksi, tarakimu mbili za mwisho tuligeuza, ndiyo maana hukupigiwa. Simu zako za Jumatano hatukupokea, hilo ni letu. Wakala ana namba yako sahihi sasa, tumekutumia jina lake na namba ya risiti inboksi. Ukipenda kurudishiwa hela badala ya mzigo, tuambie, tunarudisha leo."

Ona mpangilio wake. Mzigo uko wapi kinatajwa mwanzoni, kwa sababu ndicho anachotaka kujua. Sababu inafuata, nayo ni sababu yenye umbo: tarakimu mbili zimegeuzwa. "Changamoto za kiufundi" haziaminiki, kwa kuwa kila anayekwepa huzitaja. Suala la simu limejibiwa. Neno "matapeli" halikuguswa kabisa, na hilo ni la makusudi. Ukilinukuu ili ulikanushe, unalirudia chini ya posti yako mwenyewe kwa jina la biashara yako. Maelezo ya mzigo yanatosha kulikanusha.

Namba ya simu, jina kamili na skrinishoti ya malipo havionekani hapo hadharani. Nawaona wafanyabiashara wakibandika ujumbe wa malipo wenye jina na namba ya mteja ili wathibitishe kwamba wao ndio wakweli. Hizo ni taarifa binafsi za mtu, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hata ukiweka sheria pembeni, wasomaji wengine wanajifunza kwamba wakikosana na wewe, namba zao zitaanikwa.

Akishaupata mzigo, bado kuna kazi ndogo ambayo wengi huiacha: rudi kwenye komenti ileile uandike mstari mmoja, "Dada amepokea mzigo wake leo jioni, asante kwa uvumilivu." Usimwombe afute komenti yake. Akifuta mwenyewe ni sawa, asipofuta ni bora zaidi, kwa sababu lalamiko lililoisha vizuri hadharani linamweleza mteja mpya kitakachotokea siku mzigo wake ukikwama.

Dalili: "Korosho zenu mbovu"

Hapa kosa ni kujibu "korosho zetu ni daraja la kwanza". Neno mbovu linabeba matatizo yasiyofanana, na unahitaji swali moja la kuyatenganisha: ni laini, au zina ladha ya mafuta yaliyochacha?

Korosho laini zimevuta unyevu. Mara nyingi pakiti haikuzibwa vizuri, au imefunguliwa ikakaa wazi siku kadhaa, na hewa ya pwani yetu haina huruma. Hizi hazijaharibika: zikipashwa moto kidogo kwenye kikaango kikavu na kuachwa zipoe, hurudi kukauka. Korosho zilizochacha ni jambo lingine. Mafuta yaliyomo ndani yameharibiwa na hewa, joto na mwanga, labda kwa kukaa dirishani dukani au kwa kuwa zilikaangwa zamani, na hakuna namna ya kuzirudisha. Hizo unazibadilisha, basi.

Kwa hiyo jibu la hadharani linauliza na kuahidi kwa wakati mmoja:

"Kaka, pole, hatutaki ule korosho za namna hiyo. Naomba utuambie: zimelegea, au zina harufu ya mafuta ya zamani? Na kwenye pakiti chini kuna tarehe, tusomee. Kama zimechacha tunakutumia nyingine kwa gharama yetu."

Tarehe ndiyo inayokupeleka kwenye daftari. Ikiwa watu wawili waliopata korosho za tarehe moja wanalalamika jambo moja, chanzo kiko kwako, kwenye kikaango au kwenye mashine ya kuziba pakiti, na unapaswa kuwatafuta wote waliopata mzigo wa siku hiyo kabla hawajaja wenyewe kwenye komenti. Ikiwa ni mmoja na tarehe yake ni ya miezi mingi nyuma, huenda alinunua kwa mchuuzi aliyekaa nazo juani. Hata hapo usianze na "hujanunua kwetu". Mwambie namna ya kutambua pakiti iliyokaa muda mrefu.

Mtu akisema amekula akaumwa, acha mbinu zote za kuandika. Muulize hali yake, mshauri aende kituo cha afya, chukua tarehe ya pakiti, na usimamishe kuuza mzigo wa tarehe hiyo mpaka ujue. Usimwambie hadharani kwamba alikula kitu kingine. Huna namna ya kujua hilo, na usalama wa chakula ni jambo ambalo Shirika la Viwango Tanzania, TBS, linaweza kukufuata nalo.

Dalili: umejibu, na moto umezidi

Komenti ilikuwa moja, ukajibu, sasa ziko kumi na tano. Angalia mambo matatu.

La kwanza ni jibu la kunakili. Pitisha kidole juu na chini ya posti: kama sentensi "Tunaomba radhi kwa usumbufu, njoo inboksi" imejirudia chini ya watu wanne, msomaji haoni huduma, anaona malalamiko manne na mtu mmoja asiyesikiliza. "Njoo inboksi" peke yake inamwambia kwamba kuna kitu hutaki akione. Kwenda inboksi ni lazima kwa namba na majina, lakini kwanza sema hadharani unachokijua, kisha ueleze unamwita inboksi kuchukua nini.

La pili ni idadi ya majibizano. Facebook ikiwa kwenye mpangilio wa `Most relevant` hupandisha juu komenti zinazojibiwa na kubonyezwa sana. Kila mara unapojibu ubishi wa mtu huyohuyo, unaisukuma komenti yake karibu zaidi na macho ya mteja mpya. Kipimo changu ni majibu mawili ya maana: la kwanza lenye maelezo, la pili lenye matokeo. Akiendelea kutukana baada ya hapo, mwache. Ukimya baada ya majibu mawili mazuri hausomeki kama kukosa hoja. Ukimya bila jibu lolote ndio unaosomeka hivyo.

La tatu ni ndugu. Shemeji au mpwa ameiona komenti, akaingia kwa akaunti yake binafsi: "We dada una njaa, nenda kanunue karanga." Yeye anadhani anakutetea. Mteja anaingia kwenye ukurasa wake, anaona picha yenu pamoja kwenye harusi, na sasa biashara yako ndiyo imemtukana. Mpigie ndugu afute mara moja, kisha andika kwa jina la biashara: "Maneno yale si ya duka, tumeomba yaondolewe. Samahani dada." Ni mazungumzo magumu ya kifamilia, najua, lakini yafanyike jioni hiyohiyo.

Kuna na vitisho. Usiandike "tutakufikisha mahakamani kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao". Sheria hiyo ya mwaka 2015 ipo, na kusambaza taarifa za uongo kwa makusudi kunaweza kuwa kosa, lakini mteja ambaye kweli hajapata mzigo hasemi uongo hata akitumia neno kali. Msomaji anaona duka linalomtisha mteja wa kilo tatu. Kama kuna mtu anakuchafua kwa kupanga na una ushahidi, peleka skrinishoti polisi bila kutangaza.

Dalili: mlalamikaji hayumo kwenye daftari

Umetafuta kwa tarehe, kwa kiasi, kwa namba. Hayupo. Wengi hapa hurukia kusema "ni mshindani wetu huyu". Inawezekana, lakini kuna chanzo kingine cha kuangalia kwanza: mtu kafungua ukurasa wenye jina linalofanana na lako, kachukua picha zako za korosho, na anapokea hela kwa namba yake. Mlalamikaji ameibiwa kweli, ila si na wewe.

Namna ya kujua ni kumuuliza hadharani, kwa upole, jina lililotokea kwenye simu yake kabla hajaweka namba ya siri. Ukilipa kwa lipa namba, jina la biashara huonekana kwanza. Likiwa si lako, umepata chanzo. Andika hivi:

"Ndugu, pole sana kwa kupoteza hela. Tumetafuta malipo yako kwa tarehe na kiasi, hatujayapata kwetu. Tunaomba utuambie jina lililotokea kwenye simu ulipolipa, usiandike namba yako hapa. Malipo yetu hutokea kwa jina la duka kama lilivyo kwenye ukurasa huu."

Usimwambie angekuwa makini. Yuko kwenye aibu tayari, na wanaosoma wanajipima kwake. Msaidie afanye mambo mawili: awapigie mtandao wake wa simu haraka kuhusu muamala huo, na kama alitapeliwa kwa ujumbe wa simu, atume namba ya tapeli kwenda 15040, namba iliyowekwa na TCRA kwa ajili hiyo. Wewe uripoti ule ukurasa bandia kwa kubonyeza nukta tatu juu yake, kisha `Report`, na uchague kwamba ukurasa huo unajifanya biashara nyingine. Waombe na wateja wako wa zamani wauripoti. Kisha weka posti yenye jina la malipo na uibane juu ya ukurasa. Komenti ya utapeli imekuwa onyo unalowapa wateja.

Kama hakutaji jina la malipo, hana tarehe, hana kiasi, na akaunti yake haina kitu, hapo ndipo ushindani au uchokozi unakuwa chanzo kinachoelekea kuwa kweli. Jibu lako halibadiliki: umeuliza tarehe na kiasi, hakujibu. Wasomaji wanaliona pengo hilo bila wewe kuwaonyesha.

Dalili: umefuta komenti, imerudi na wenzake

Kufuta ndiko kunakojaribiwa kwanza, na kunafaa mara chache. Aliyeandika akirudi akakuta komenti haipo, ana skrinishoti, na sasa ana hadithi mpya: "Wamefuta komenti yangu." Hiyo inasambaa kuliko ya mwanzo, na msomaji hana sababu ya kuamini kwamba ulifuta kwa nia njema.

Kuficha nako si kama watu wanavyodhani. Kwenye Facebook ukibonyeza `Hide comment`, komenti hubaki ikionekana kwa aliyeiandika na marafiki zake. Mji wetu ni mdogo. Kama mlalamikaji anakaa Shangani, marafiki zake wengi ndio wanunuzi wako, kwa hiyo umewaficha watu wasiomjua na kuwaachia wanaomjua. Instagram ina `Restrict`, ambapo komenti mpya za mtu huyo anaziona mwenyewe tu mpaka wewe uziruhusu. Hiyo naitumia kwa mtu anayerudia matusi yaleyale kila posti. Kwa mteja mwenye dai, hapana.

Cha kuondoa ni kile kinachomuumiza mtu mwingine: namba ya simu iliyoanikwa, tusi la nguoni, la kabila au la dini, kiungo cha mkopo wa kitapeli. Ukiondoa, sema: "Tumeondoa komenti yenye namba ya simu ya mtu. Malalamiko kuhusu mzigo yanabaki, tunayajibu." Kama ulishafuta komenti yenye dai la kweli, kanuni ni moja tu: mjibu pale aliporudi, taja kwamba ilifutwa, na ujibu dai la mwanzo lote.

Dalili: "Bei gani hii, mnatuibia"

Hii inaonekana mbaya kuliko ilivyo. Wakati wa msimu, minada ya vyama vikuu vya ushirika, MAMCU na TANECU, inapotangazwa, mtu wa hapa anasikia bei ya kilo ya korosho ghafi, anaona bei yako, anashangaa. Chanzo ni kulinganisha vitu viwili. Mweleze kwa ufupi: kilo moja ya korosho iliyobanguliwa hutoka kwenye kilo nne hadi tano za korosho ghafi, na hapo hujamlipa mbanguaji, mkaa wala pakiti. Usimwite mshamba wa biashara. Watu watano waliokuwa na swali hilohilo kimoyomoyo wamejibiwa.

Dalili: komenti zote zinafanana, siku moja

Ukiona ndani ya saa chache watu sita wanauliza "mzigo wangu uko wapi", usianze kumjibu mmoja mmoja. Kuna jambo moja juu yenu wote. Barabara yetu ya kwenda Dar es Salaam inapita Somanga, na Mei 2024, kipindi cha Kimbunga Hidaya, ilikatika huko na magari yakakwama. Mabasi yasipopita, kila mzigo ulioutoa asubuhi uko mahali kati ya Lindi na Rufiji, na wakala wa Mbagala hana la kusema.

Hapo andika komenti moja ya duka chini ya posti inayolalamikiwa na uibane juu: barabara imekatika wapi, mizigo ya siku gani imo ndani ya mabasi, ipi bado iko ghalani Mtwara, na lini utaandika tena. Hariri na maneno ya posti yenyewe, mstari wa kwanza, kwa sababu kuna wanaolipa bila kufungua komenti. Posti inayosema "mzigo unafika kesho" ikiendelea kuvuta hela huku barabara imefungwa, lalamiko la utapeli litakalofuata litakuwa na msingi. Wenye mizigo iliyobaki ghalani wape chaguo la kurudishiwa hela, hapo hapo kwenye komenti. Kisha kila jibu kwa mtu mmoja liwe fupi: "Mama, wako umo kwenye basi la Jumatano, uko Kilwa. Maelezo yako juu, tunaandika tena saa kumi na mbili jioni." Saa kumi na mbili ikifika andika, hata kama cha kuandika ni kwamba basi halijasogea.